PUBG Mobile: nukta inatetemeka kwenye 3x, jairo iko 300. Nianze kushusha nini?

Kibaha_kwetu – Ijumaa, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu.

Nina shida ya kulenga, naomba msaada kwa wanaocheza na jairo, yaani kulenga kwa kuinamisha simu. Zamani nilikuwa nalenga kwa kidole gumba tu. Mwezi uliopita rafiki yangu alinipa msimbo wa sensi ya mchezaji mmoja maarufu, nikauingiza wote kama ulivyo. Kwa karibu nimekuwa mzuri sana, ukiniletea ugomvi wa ndani ya nyumba na Red Dot napona. Shida ni skopu ya 3x.

Jana nilikuwa ghorofani Pochinki, adui yuko nyuma ya mti ng'ambo ya shamba, kama mita 100. Kabla hata sijafyatua, nukta inatetemeka juu yake, inaingia kichwani na kutoka. Nikifyatua, risasi saba nane za mwanzo zinakaa, kisha zinapanda juu ya kichwa chake na zilizobaki zote zinaenda angani. Bunduki ni M416, ina Compensator na Vertical Foregrip, kwa hiyo sidhani kama ni bunduki.

Sensi zangu za 3x: Camera 25, ADS 40, Gyroscope 300. Jairo nimeiweka Always On. Simu inakaa fremu 60.

Nishushe nini kwanza? Nikishusha jairo naona bunduki itanishinda kabisa.

---

Mtoto_wa_Temeke – Ijumaa, saa 2:58 usiku

Kaka weka General 100, Red Dot 100, halafu unavuta kitufe cha kufyatulia kwenda juu kwa haraka. Hedishoti zinakuja zenyewe. Mimi natumia hiyo mwaka wa pili na hata jairo sijawahi kugusa.

---

Kibaha_kwetu – Ijumaa, saa 3:05 usiku

Mkuu hiyo ni Free Fire. Kwangu ni PUBG, hakuna General, na nikivuta kwenda juu ndiyo nazidi kupotea maana bunduki yenyewe tayari inapanda.

---

Kapteni_wa_Skwadi – Ijumaa, saa 3:11 usiku

Tatizo lako si namba. Msimbo wa wakubwa haukosei, wale wanaishi na hiyo kitu. Jairo yako imepoteza mwelekeo tu. Toka nje ya gemu, shika simu, chora namba nane hewani mara kama kumi hivi. Ukirudi itakuwa imetulia. Mimi kila nikianza kucheza nafanya hivyo.

---

fundi_Makoroboi – Ijumaa, saa 3:30 usiku

Kapteni, hapo umechanganya vitu viwili. Namba nane hewani inarekebisha dira ya simu, ile inayotafuta kaskazini, ndiyo maana ramani zinakuomba ufanye hivyo mshale ukipotea. Jairo haijui kaskazini iko wapi. Kazi yake ni kupima simu inazunguka kwa kasi gani. Jairo ikipotea dawa yake ni kinyume cha hiyo: unailaza simu mezani, unaiacha itulie kabisa, kisha unazima na kuwasha.

Kibaha, kabla ya kuhangaika na namba hakikisha simu yako ina jairo ya kweli. Simu nyingi za bei ya chini zinazopita mezani kwangu hazina hiyo chipu. Kuna zinazoigiza kwa kuunganisha dira na kipimo cha mwinamo, na humo nukta inafuata mkono kwa kuchelewa, kama inavutwa na mpira. Kwa Samsung nyingi unaandika hii kwenye sehemu ya kupigia simu:

```
*#0*#
```

Itafunguka menyu ya majaribio, bonyeza Sensor, angalia kama Gyroscope imo na namba zake zinabadilika ukiizungusha simu. Kwa simu nyingine weka programu yoyote ya kusoma vifaa vya ndani. Kama haimo, ukurasa wa sensi utakuchosha bure.

---

mkazi_wa_Nyali – Ijumaa, saa 3:52 usiku

Hapo nami nipo. Yangu ina jairo nzuri, nikicheza nyumbani mambo yanaenda sawa kabisa. Lakini asubuhi nikiwa kwa matatu kutoka Nyali kwenda mjini, nukta inajiendea upande peke yake, hata nikikaza mikono namna gani. Nilishusha sensi mpaka 100, bado. Sasa ni simu ama ni sensi?

---

Bi_Mtutu – Ijumaa, saa 4:20 usiku

Kibaha, nakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu nilipita hapo hapo ulipo.

Kwanza uelewe kwa nini hao wakubwa wanaweka 300 na 400. Ukiwasha jairo, fikiria simu ni dirisha na wewe unachungulia ulimwengu wa gemu kupitia hapo. Bunduki inapopanda, unairudisha chini kwa kulaza simu taratibu, kioo kinazidi kuelekea dari. Kumwaga risasi 30 ni kulaza mfululizo mpaka magazini iishe. Sensi ikiwa ndogo, itabidi ulaze sana, na kiwiko cha mkono kina mwisho wake: utafika mahali simu imelala mno huoni hata skrini, na bunduki bado inapanda. Sensi ikiwa kubwa, mwinamo mdogo unatosha. Hiyo ndiyo faida yake.

Hasara ndiyo hiyo unayoilalamikia. Jairo haijui kutofautisha mkono unaolenga na mkono unaotetemeka. Pumzi yako, mapigo ya moyo, kidole kinachogonga kitufe cha kufyatulia, vyote ni mzunguko wa simu, na vyote vinakuzwa kwa 300 ile ile. Kisha 3x nayo inakuza picha. Kwenye Red Dot mtetemo huo huo upo, ila hauuoni.

Kwa hiyo kila skopu ina mipaka miwili. Wa juu ni pale mkono wako uliotulia unapoanza kuonekana kwenye nukta. Wa chini ni pale kiwiko kinapoishiwa nafasi kabla magazini haijaisha. Namba yako iko katikati ya hiyo mipaka, na hakuna mtu anayeweza kukuambia ni ngapi, kwa sababu mkono ni wako na uzito wa simu ni wako. Anayecheza kwenye tableti kubwa aliyoiegemeza kwenye meza hawezi kuwa na namba moja na wewe unayeshika simu hewani kitandani.

Sasa nenda Training Ground, fanya hivi kwa mpangilio huu, usiruke.

Anza kwa kuiweka simu mezani, jairo ikiwa Always On, fungua 3x, toa mikono yote. Hesabu mpaka 30. Nukta ikisogea yenyewe, jairo yako inateleza na inabidi ufuate alichosema fundi. Ikikaa, chipu haina kosa.

Pili, shika simu unavyoshika siku zote, lenga kitu kidogo cha mbali, dirisha ni zuri, bila kufyatua. Shikilia hapo kwa sekunde 10. Nukta ikitoka nje ya dirisha, shusha Gyroscope ya 3x kwa 20. Rudia mpaka ibaki ndani. Usiguse namba nyingine yoyote kwa sasa.

Tatu, mwaga magazini nzima ukutani kwa mbali, lakini kidole gumba cha kulia kiondoe kabisa kwenye skrini. Fyatua kwa kitufe cha kushoto. Nataka uone jairo peke yake inafanya nini. Tazama matundu ukutani: yakipanda, nguvu haitoshi, yakishuka chini ya pale ulipoanzia, imezidi, yakiwa yanapanda na kushuka kama mawimbi, unapambana nayo, na hiyo pia ni kuzidi.

Leta majibu, tutaendelea. Na usinilete maelezo ya mechi, leta ya ukutani.

---

Bi_Mtutu – Ijumaa, saa 4:27 usiku

Mkazi wa Nyali, si simu wala si sensi. Jairo inapima simu inavyozunguka dhidi ya dunia, haijui kama uko ndani ya gari. Matatu ikikata kona, wewe, kiti na simu mnazunguka pamoja, na kwa jairo hiyo ni sawa na wewe kugeuza simu. Hakuna namba ya kuponya hilo. Ukiwa safarini weka jairo Scope On ili kamera isizunguke ovyo unapokimbia, au izime kabisa ulenge kwa kidole.

---

mkazi_wa_Nyali – Ijumaa, saa 4:35 usiku

Kumbe! Sasa naelewa mbona huwa inaenda upande mmoja pale kwa mzunguko. Asante sana dada.

---

Kapteni_wa_Skwadi – Ijumaa, saa 4:41 usiku

Sawa kuhusu dira nimekubali. Lakini 300 kushuka chini bado napinga. Ukishusha, mazoea ya mwezi mzima yanapotea. Misuli imeshazoea. Mtu anavumilia mtetemo mpaka unaisha wenyewe.

---

Bi_Mtutu – Ijumaa, saa 4:50 usiku

Misuli inazoea mwendo unaoutaka, Kapteni. Mtetemo hujautaka, unakutokea. Mimi nilivumilia miezi mitatu na haukuisha. Ila nakubaliana nawe kwamba usibadilishe kila siku. Ukipata namba kaa nayo wiki mbili, hata ukipoteza mechi.

---

Kibaha_kwetu – Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Nimerudi wakuu. Nimekaa Training tangu saa 3.

Mezani: nukta haikusogea hata kidogo. Simu iko sawa.

Kushikilia dirisha: kwenye 300 inatoka nje ya dirisha kila mara. 280, 260 bado. 240 inatoka mara moja moja. Kwenye 200 inagusa fremu. 180 inakaa ndani, 160 inakaa katikati kabisa kama picha. Nimeweka 170. Kila nilipobadilisha, sehemu zote mbili za jairo za 3x nilizipa namba moja.

Kumwaga bila kidole gumba: hapa ndipo nilipochoka. Kwenye 170 risasi za mwanzo zinakaa vizuri kuliko wakati wowote, lakini nikifika kama risasi ya 20 simu imelala mpaka naona mwanga wa taa ukimeremeta kwenye kioo, simwoni hata adui. Zilizobaki zinapanda. Nikirudisha 240, magazini nzima inakaa kwenye eneo dogo sana. Lakini 240 mtetemo unarudi!

Kwa hiyo mtihani wa pili unataka 170 na wa tatu unataka 240. Nifanyeje?

Na kitu kingine: nimegundua siku zote nilikuwa navuta kidole gumba chini huku nalaza simu. Kidole kikifika chini ya skrini kinaishiwa nafasi, nakiinua, na pale pale ndipo risasi zinaporuka. Sikuwa najua nafanya hivyo.

---

Bi_Mtutu – Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Ahsante kwa kazi nzuri. Hilo la kidole ndilo lililokuwa linakuua ile risasi ya nane, wala halikuwa jairo. Ulikuwa na watu wawili wanaovuta kamba moja, na mmoja anaiachia katikati ya safari.

Sasa mgongano wako una dawa. Shuka chini kabisa kwenye ukurasa wa Sensitivity. Baada ya Gyroscope Sensitivity kuna sehemu nyingine, ADS Gyroscope Sensitivity. Wengi wanaipa namba moja na ile ya kwanza, kama ulivyofanya. Tofauti yake ni hii: Gyroscope inafanya kazi unapolenga bila kufyatua, ADS Gyroscope inafanya kazi risasi zinapotoka. Ni uhusiano ule ule uliopo kati ya Camera na ADS kwa kidole.

Kwa hiyo mitihani yako miwili haikugongana, ilikuwa inapima namba mbili tofauti. Ya dirisha inakupa Gyroscope: 170. Ya ukutani inakupa ADS Gyroscope: anza 200, panda kwa 10 mpaka magazini nzima ikae bila simu kulala mno. Ukiona matundu yameanza kushuka chini ya risasi ya kwanza, umepita, rudi nyuma hatua moja, kisha tafuta kwa 5.

Ukimaliza hapo, rudisha kidole gumba, lakini kwa kazi moja tu: kumfuata adui akikimbia kushoto na kulia. Kushuka chini mwachie jairo. Shusha ADS ya 3x mpaka 20 au hata 15, ili mazoea ya kuvuta chini yakikurudia yasiharibu sana.

Jambo la mwisho ni mkao. Anza kulenga simu ikiwa imesimama kidogo kuliko ulivyozoea. Ukianza ikiwa tayari imelala nusu, umeshajinyima nusu ya safari ya kiwiko.

---

Kapteni_wa_Skwadi – Jumamosi, saa 6:02 mchana

Hapo kwenye namba mbili tofauti ndipo ninaposimama na nyundo. Nilishajaribu. Gyroscope 180, ADS Gyroscope 260. Ukilenga mkono unasikia simu nzito, ukifyatua ghafla inakuwa nyepesi, risasi ya kwanza tu nukta inachupa. Kwa anayechungulia na kufyatua risasi mbili tatu hiyo ni sumu. Mimi naweka sawa zote mbili, halafu naongeza vifaa kwenye bunduki. Compensator, gripu, na kuchuchumaa. Ukichuchumaa bunduki inatulia bila kugusa sensi.

---

Bi_Mtutu – Jumamosi, saa 6:20 mchana

Hoja hiyo naikubali, pengo likiwa kubwa unalisikia. Kwangu pengo la 50 silisikii, la 80 nililisikia. Labda kila mkono una pengo lake. Na kuchuchumaa ni kweli kabisa, ila ukishazoea kupima ukutani ukiwa umechuchumaa, mechi ikikulazimisha kusimama utashangaa. Pima ukiwa umesimama.

---

Zuhura_wa_6x – Jumamosi, saa 8:10 mchana

Samahani naingilia. Mimi shida yangu si kupanda, ni kwenda pembeni. Nina Beryl M762, 3x, nimefanya kipimo chote cha ukutani, juu na chini sasa ni sawa. Lakini matundu yangu yanatawanyika kushoto na kulia. Nimepandisha jairo, nimeshusha, haibadiliki. Nimekosea wapi?

---

Bi_Mtutu – Jumamosi, saa 8:33 mchana

Hujakosea, dada. Kupanda kwa bunduki kunatabirika, ndiyo maana unaweza kuizuia kwa mwendo mmoja wa mkono. Kwenda pembeni hakutabiriki, mara kushoto mara kulia, na huwezi kurudisha kitu usichojua kinaelekea wapi. Hakuna sensi inayoondoa hilo. M762 inatupa pembeni kuliko M416, na kila anayeitumia analipa hiyo bei kwa ajili ya nguvu ya risasi zake. Weka Compensator, jaribu Half Grip badala ya Vertical Foregrip kwa sababu hiyo ya pili inasaidia kupanda tu, na kwa mbali usimwage zote. Toa risasi tano, pumzika kidogo, tano tena.

---

Mtoto_wa_Temeke – Jumamosi, saa 8:50 mchana

Wakuu mimi nimesoma uzi wote nikashawishika, nimepakua PUBG. Swali: kwenye Free Fire huwa naingia mipangilio ya wasanidi nabadilisha DPI ya simu ili kidole kiwe chepesi. Huku kunasaidia?

---

fundi_Makoroboi – Jumamosi, saa 9:15 alasiri

DPI inabadilisha ukubwa wa vitu vinavyochorwa kwenye skrini. Jairo haihusiki nayo hata kidogo, ni chipu tofauti kabisa. Kwa kidole kuna wanaosema wanaona tofauti na wanaosema hawaoni, mimi siwezi kukuapia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nimeshapokea simu zaidi ya moja ambazo mwenyewe alipandisha DPI mpaka maandishi yakawa kama punje za mtama, akashindwa kurudi kwenye menyu. Andika namba ya mwanzo kwenye karatasi kabla hujagusa.

Mwanzoni acha DPI, tumia namba za ndani ya gemu. Ziko hapo kwa kazi hiyo.

---

Kibaha_kwetu – Jumapili, saa 3:05 usiku

Wakuu, taarifa.

Nimetulia hapa kwa 3x: Camera 25 sijaigusa, ADS 18, Gyroscope 170, ADS Gyroscope 235. Kwenye 250 matundu yalianza kushuka, kwenye 240 yanashuka kwa risasi za mwisho tu, 235 yamekaa. Pengo ni 65. Kapteni yuko sahihi kwamba linasikika kidogo risasi ya kwanza, ila baada ya siku moja sikulisikia tena.

Jana usiku nilicheza mechi nne. Mechi ya kwanza na ya pili, raha. Mtu wa mita 80 nimemwangusha kwa risasi 12 akiwa anakimbia, sijawahi. Mechi ya tatu ikaanza kuwa nzito, ya nne nikarudi kule kule: nukta inachelewa, nalaza simu halafu bunduki inashuka baadaye, nazidisha, inapita chini. Nikadhani namba zimeharibika, nikaingia Training kubadilisha. Bahati nzuri nikakumbuka dada alisema nisibadilishe, nikaacha.

Leo asubuhi namba zile zile, kila kitu sawa. Kwa nini usiku zilikataa?

---

fundi_Makoroboi – Jumapili, saa 3:31 usiku

Simu ilikuwa kwenye chaja?

---

Kibaha_kwetu – Jumapili, saa 3:33 usiku

Ndiyo, kuanzia mechi ya pili. Na ina kava la raba.

---

fundi_Makoroboi – Jumapili, saa 3:58 usiku

Basi ni joto. Simu ikichemka inapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na fremu zako zinaanguka kutoka 60 kwenda 40 au chini zaidi. Jairo bado inapima vizuri, lakini skrini inakuonyesha matokeo kwa kuchelewa. Mkono wako unasubiri kuona, hauoni, unaongeza, halafu vyote vinafika kwa pamoja. Ndiyo maana ilikuwa inapita chini. Wengi hapa ndipo wanaposhusha sensi, kesho simu ikipoa wanakuta ni ndogo, wanapandisha, na maisha yao yote ni kupanda na kushuka.

Vua kava ukiwa unacheza. Chaji kabla, usichaji ukiwa unacheza. Graphics weka Smooth. Kama hata hivyo simu haiwezi kushika 60 kwa saa nzima, ni bora uweke fremu chini kidogo mahali inapoweza kukaa bila kuyumba, ukapime upya ukutani kwa hizo. Fremu 40 zisizoyumba ni rahisi kuzoea kuliko 60 zinazogeuka 35 katikati ya vita.

Na kuhusu chaja: chaja mbovu inaleta jambo la pili tofauti na joto. Inaingiza kelele ya umeme kwenye kioo cha kugusa, kidole kinaruka au skrini inajigusa yenyewe. Ukiona nukta inachupa ghafla wakati hujasogeza kitu, chomoa chaja kwanza kabla ya kulaumu jairo. Ikiacha palepale, umeshampata mwizi.

---

Zuhura_wa_6x – Jumapili, saa 4:10 usiku

Niongeze la jasho. Hapa Tanga mwezi huu wa joto, kidole kikilowa kinanata halafu kinateleza, ADS inakuwa kama namba mbili tofauti ndani ya mechi moja. Mimi natumia zile soksi ndogo za vidole gumba. Poda pia inafaa ila inachafua kioo. Tangu nianze kuzitumia ilibidi nishushe ADS kidogo maana kidole kimekuwa chepesi.

---

Kibaha_kwetu – Jumapili, saa 4:18 usiku

Nashukuru sana. Kesho nacheza bila kava na bila chaja, nitaona mechi ya nne inasemaje.

Swali la mwisho na 6x. Nimejaribu mitihani ile ile. Ya dirisha inataka Gyroscope iwe 60, chini ya hapo haitetemeki lakini ni kama nasukuma kabati. Ya ukutani, hata ADS Gyroscope ikiwa 200 sijaweza kukalisha magazini nzima. Inakaa risasi 10, basi.

---

Bi_Mtutu – Jumapili, saa 4:40 usiku

Risasi 10 kwenye 6x ni nzuri, usitafute 30. Mimi 6x naipunguza mpaka 3x kwenye ile mizani ya pembeni ya skopu nikitaka kumwaga, na naiacha 6x kwa risasi moja moja. Ila ukiipunguza, pima tena ukutani, usidhani namba za 3x yako zitahamia huko zenyewe. Kwangu hazikulingana.

---

Kapteni_wa_Skwadi – Jumapili, saa 4:52 usiku

Mimi 6x nazima jairo kabisa, 8x pia. Kidole tu, Camera 12. Kwa mbali vile sihitaji kumwaga, nahitaji kutulia.

---

Bi_Mtutu – Jumapili, saa 5:01 usiku

Na akikimbia kushuka mlima?

---

Kapteni_wa_Skwadi – Jumapili, saa 5:03 usiku

Hapo namkosa. Nakubali namkosa. Lakini aliyesimama simkosi.

---

Kibaha_kwetu – Jumatatu, saa 4:45 usiku

Mechi tano, bila chaja, bila kava, Smooth. Ya tano ilikuwa kama ya kwanza. Namba za 3x sijazigusa.

6x bado naikimbia. Nimeweka Gyroscope 60 na ADS Gyroscope 140, nitakaa nazo wiki mbili kama nilivyoambiwa, kisha nitajaribu njia ya Kapteni ya kuzima nilinganishe matundu ukutani. Nitarudi na picha.